Simu ina nafasi, lakini barua pepe zinagoma: Fahamu maghala mawili yanayochanganywa

Miaka ya karibuni, watu wengi wenye simu za Android wamekuwa wakipata ujumbe unaosema nafasi imejaa. Wanafuta nyimbo, wanafuta programu, wengine wananunua memori kadi, lakini ujumbe hauondoki. Siku chache baadaye wanaambiwa na mtu aliyewatumia barua pepe kwamba imerudi.

Sababu ni kwamba simu moja inatumia maghala mawili. La kwanza liko ndani ya simu yenyewe, na ndilo dukani unaambiwa ni la GB 32, GB 64 au GB 128. La pili haliko mkononi mwako. Liko kwenye mitambo ya kampuni ya Google, na limefungwa kwa jina la akaunti yako, ile inayoishia na gmail.com. Hilo la pili lina GB 15 za bure, simu yako iwe ya bei gani. Ukiazima simu nyingine ukaingia kwa akaunti ileile, utalikuta vilevile lilivyo. Kufuta nyimbo zilizo kwenye simu hakulipunguzii kitu, na memori kadi haiwezi kulifikia.

Makala hii inaeleza nini kinajaza ghala hilo la akaunti, kwa nini tatizo limeongezeka, na namna ya kutambua ni ghala lipi limejaa kabla hujafuta kitu ambacho hutakipata tena.

Chumba kimoja, wapangaji watatu

Google imeweka huduma zake tatu katika kipimo kimoja. Ya kwanza ni Gmail, yaani barua pepe. Ya pili ni Google Drive, mahali pa kuweka mafaili. Ya tatu ni Google Photos, inayotunza nakala za picha na video zako. Zote tatu zinagawana zile GB 15. Hakuna GB 5 za barua, GB 5 za mafaili na GB 5 za picha. Anayewahi ndiye anayejaza.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Barua pepe ya maneno matupu ni ndogo sana. Unaweza kupokea maelfu bila kufikisha GB moja. Picha moja ya simu ya kawaida inachukua MB 3 hadi 5. Video ya dakika moja, kwa ubora ambao simu nyingi za sasa zinarekodi, inachukua takribani MB 100 hadi 150. Kwa hesabu hiyo, video za saa mbili tu, labda harusi moja na mahafali mawili, zinatosha kumaliza GB 15 zote. Zikiisha, anayeumia si mpangaji wa video peke yake. Barua pepe nayo inakosa pa kulala.

Kwa walioweka simu katika Kiswahili kuna mkanganyiko mwingine. Kwenye mipangilio ya simu, neno “Hifadhi” linamaanisha nafasi iliyo ndani ya simu. Lakini Google Drive nayo inaitwa “Hifadhi ya Google”. Neno moja linatumika kwa maghala mawili tofauti, basi si ajabu mtu akaambiwa hifadhi imejaa akaenda kusafisha isiyohusika.

Kwa nini tatizo limezidi sasa

Yapo mabadiliko mawili ambayo wengi hawakuyasikia yalipotangazwa.

La kwanza ni la tarehe 1 Juni 2021. Google Photos ilipoanza mwaka 2015, kampuni iliruhusu watu kuweka picha bila kikomo na bila malipo, mradi wakubali zipunguzwe ubora kidogo. Watu wakaizoea. Simu nyingi zikawa zinapandisha picha zenyewe, na mwenye simu hana habari. Kuanzia siku hiyo ya Juni 2021, kila picha na kila video mpya inayopandishwa inahesabiwa ndani ya GB 15. Ruhusa ya bure iliisha, lakini mazoea ya kupandisha kila kitu yalibaki.

La pili linahusu WhatsApp. Kwa miaka kadhaa, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za Android iliwekwa kwenye akaunti ya Google bila kuhesabiwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mpango huo unakwisha, na katika mwaka 2024 nakala hizo zikaingizwa kwenye hesabu ya GB 15. Mtu aliye kwenye makundi kumi, ya familia, ya kanisa au msikiti, ya wazazi wa shule na ya wafanyabiashara wenzake, anapokea video kila siku. Kama ameruhusu video ziingie kwenye nakala, zinapanda kwenye akaunti pamoja na mazungumzo.

Kwa hiyo mtu ambaye hajabadilisha chochote katika matumizi yake anaweza kukuta akaunti imejaa. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Kwa kampuni, hii ni biashara. Ghala likijaa, unapewa njia mbili: kupunguza vitu vyako, au kulipia nafasi zaidi kila mwezi kupitia mpango wake unaoitwa Google One. Kulipia si kosa, lakini ujue unapangisha, hununui. Ukiacha kulipa huku vitu vyako vimeshapita GB 15, akaunti inarudi kuwa iliyojaa, na barua pepe zinaweza kusimama tena.

Nini hutokea likijaa

Akaunti iliyojaa haifungwi. Bado unaingia, unasoma barua za zamani, unaangalia picha na unaweza kuzipakua. Kinachosimama ni vitu vipya. Hupandishi faili kwenye Drive. Nakala za picha mpya haziendi. Na Gmail inaweza kuacha kutuma na kupokea barua.

Hili la barua ndilo lenye hasara kubwa, kwa sababu taarifa ya kukataliwa haiji kwako. Inamwendea aliyekutumia. Yeye ndiye anayeona maneno kama haya:

```
The recipient's inbox is out of storage space
```

Maana yake ni kwamba sanduku la mpokeaji halina nafasi. Kama aliyekutumia ni jirani, atakupigia. Lakini barua nyingi muhimu hutumwa na mitambo: majibu ya maombi ya kazi, taarifa za mkopo wa mwanafunzi, namba za siri za kufungulia akaunti nyingine. Mtambo ukirudishiwa barua haukupigii simu. Wewe unabaki ukisubiri, ukidhani hujachaguliwa.

Kuna nafuu kidogo. Mara nyingi mtambo uliotuma hujaribu tena kwa saa kadhaa, hata siku chache, kabla ya kukata tamaa. Ukisafisha akaunti mapema, barua ya jana inaweza kuingia leo. Ukichelewa wiki mbili, muombe aliyetuma atume upya.

Hasara ya pili haina kelele kabisa. Akaunti ikijaa, picha unazopiga kuanzia siku hiyo zinabaki kwenye simu peke yake. Simu ikianguka mtoni au ikiibiwa mnadani, picha za kabla ya akaunti kujaa utazikuta ukinunua simu nyingine. Za baada ya hapo zimeondoka na simu.

Na ya tatu ni ya muda mrefu. Kanuni za Google zinasema akaunti ikikaa juu ya kikomo kwa miaka miwili au zaidi, vitu vilivyomo vinaweza kufutwa.

Tambua ni ghala lipi

Dalili zinatofautiana, na ukizitazama vizuri hutakosea.

Ghala la simu likijaa, simu yenyewe ndiyo inayolalamika. Kamera inakataa kupiga. Play Store inakataa kuweka programu mpya. WhatsApp inakataa kufungua video uliyotumiwa. Simu inakuwa nzito. Lakini barua pepe kwenye akaunti zinaendelea kupokelewa, hata kama simu inasuasua kuzionyesha.

Ghala la akaunti likijaa, kamera inapiga, programu zinaingia, video zinafunguka. Kinachogoma ni Gmail, Drive, na nakala za picha na WhatsApp.

Usibahatishe, pima yote mawili. Kwa ghala la simu, fungua Settings, kisha Storage. Utaona, kwa mfano, GB 44 zimetumika kati ya GB 64. Kwa ghala la akaunti, fungua kivinjari cha simu na uandike anwani hii mwenyewe:

```
one.google.com/storage
```

Hapo utaona kiasi kilichotumika kati ya GB 15, na mgawanyo wake kwa kila huduma. Ukiona 64 au 128, uko kwenye ghala la simu. Ukiona 15, na hujalipia chochote, uko kwenye ghala la akaunti.

Kama simu yako ilifunguliwa akaunti na fundi dukani, hakikisha kwanza ni akaunti ipi. Fungua Gmail, gusa duara la picha au herufi lililo juu kulia, na usome anwani. Watu wengine wana akaunti mbili au tatu kwenye simu moja bila kujua, kila moja na GB 15 zake, na wanasafisha isiyojaa.

Jihadhari pia na matapeli. Zipo barua pepe zinazosema nafasi yako imejaa na picha zitafutwa leo, bonyeza hapa ulipe. Usibonyeze. Nenda mwenyewe kwenye anwani hiyo hapo juu uone hali halisi.

Mfano: katibu wa kikundi

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha akiba na mikopo kijijini. Simu yake ni ya GB 64, na bado ina GB 20 wazi. Ofisi ya wilaya inamtumia fomu kwa barua pepe, haifiki. Amefuta nyimbo, amehamishia picha kwenye memori kadi, na hakuna kilichobadilika. Anapofungua ukurasa wa akaunti anakuta mambo yako hivi: Google Photos GB 9.8, nakala ya WhatsApp GB 3.6, Gmail GB 1.1, Drive GB 0.5. Jumla ni GB 15 kamili.

Barua zake zote ni GB 1.1, na ndizo zinazozuiwa. Lengo lake la kwanza si kusafisha kila kitu, ni kupata GB mbili au tatu haraka ili fomu iingie.

Anaanza na Gmail, kwa kuwa haitumii bando kubwa. Kwenye sehemu ya kutafutia anaandika:

```
has:attachment larger:10M
```

Zinatokea barua zote zenye viambatisho na zinazozidi MB 10. Anakuta video za semina alizotumiwa miaka minne iliyopita, anazifuta. Kisha anafungua Trash, yaani tupio, na kulimwaga. Hatua hii husahaulika sana. Barua iliyoko kwenye tupio bado inahesabiwa, na hukaa humo siku 30 kabla ya kuondoka yenyewe. Tupio la Drive ni hivyohivyo, na la Photos hutunza picha kwa siku 60. Bila kumwaga tupio umehamisha gunia kutoka chumbani kwenda ukumbini, nyumba bado imejaa. Baada ya kulimwaga, anapata GB 0.6, na barua zinaweza kuanza kuingia.

Kisha anakwenda WhatsApp. Ndani ya Settings anafungua Storage and data, halafu Manage storage. Anaona makundi yanayokula nafasi, na kundi la michezo peke yake lina zaidi ya GB 2 za video. Anazifuta. Hapa maghala mawili yanakutana: video zinaondoka kwenye simu papo hapo, na WhatsApp ikitengeneza nakala mpya, zinaondoka na kwenye akaunti. Kwa hiyo anafungua Chats, kisha Chat backup, anazima sehemu ya kuingiza video, na kutengeneza nakala mpya akiwa mahali penye waifai. Anapata GB nyingine 2.3.

Sasa ana karibu GB 3. Anamuomba afisa wa wilaya atume fomu tena, nayo inaingia.

Picha: hapa ndipo watu wanapopoteza

Zimebaki zile GB 9.8 za Photos, na hapo inabidi aende polepole.

Mtego wa kwanza ni huu: ukifuta picha ndani ya Google Photos, ambayo imeshahifadhiwa kwenye akaunti, inafutwa pande zote mbili, kwenye akaunti na kwenye simu. Wengi hudhani wanafuta nakala moja na nyingine inabaki. Kama video ni ya mazishi ya mzazi, ihamishie kwanza kwenye kompyuta au flashi, ifungue uhakikishe inacheza, ndipo uifute. Nakala iliyoko kwenye memori kadi ambayo bado imo ndani ya simu si kinga ya kutegemea, kwa sababu programu inaweza kuifikia nayo.

Mtego wa pili ni jina la kitufe. Ndani ya Photos kuna Free up space. Ukikibonyeza, kinaondoa kwenye simu picha ambazo nakala zake ziko tayari kwenye akaunti. Kinafaa sana simu ikijaa. Akaunti ikijaa hakisaidii hata MB moja. Tena kinafanya akaunti iwe mahali pekee picha hizo zilipo, na ukitaka kuzitoa huko baadaye utalipia bando la kuzipakua.

Mtego wa tatu ni picha za zamani. Picha zilizopandishwa kabla ya tarehe 1 Juni 2021 kwa ule ubora uliopunguzwa hazihesabiwi hadi leo. Mtu anaweza kukaa usiku mzima akifuta picha za mwaka 2018, moyo ukimuuma, na kipimo kisishuke hata kidogo. Anza na za karibuni, na anza na video.

Katibu wetu anafungua sehemu ya kusimamia nafasi ndani ya Photos, inayopanga video kubwa na picha za skrini katika mafungu yake. Anakuta video nane za mkutano mkuu, jumla GB 4. Anazihamishia kwenye kompyuta ya steshenari, anaziweka kwenye flashi ya kikundi, anazijaribu, anafuta za akaunti na kumwaga tupio. Kabla ya kuondoka anafuta nakala zilizobaki kwenye kompyuta ile, na kama aliingia kwa akaunti yake, anatoka kabisa. Mwisho anabadilisha ubora wa nakala kuwa Storage saver, ili picha zijazo zisiwe nzito kupita kiasi, na anazima nakala za mafolda ya WhatsApp ili picha za makundi zisipande mara mbili.

Ikiwa simu ndiyo imejaa

Hapa mambo ni kinyume, na memori kadi inafaa. Hakikisha kwanza ndani ya Photos kwamba nakala zimekamilika, kisha tumia Free up space. Kwa picha moja moja, chagua Delete from device, ambayo inagusa simu tu. Kama akaunti nayo imejaa, usifute picha za karibuni kwa kudhani zimehifadhiwa kwingine. Huenda hazijahifadhiwa popote.

Wenye iPhone wana mpango unaofanana. Ghala lao la akaunti linaitwa iCloud, lina GB 5 tu za bure, nalo halina uhusiano na GB zilizoandikwa kwenye boksi la simu.

Je, kufungua akaunti nyingine ni suluhisho?

Wengi wanafanya hivyo, na kuna namna inayofaa. WhatsApp inakuruhusu kuchagua akaunti ya kuweka nakala. Unaweza kuacha akaunti ya kwanza kwa barua pepe za kazi, na ya pili ikabeba WhatsApp na picha. Hapo video za makundi haziwezi tena kuzuia barua ya mwajiri.

Gharama yake ni kumbukumbu. Ukisahau nywila ya akaunti ya pili, na namba ya simu uliyoiandikisha umeshaiacha, picha zilizomo huenda usizipate tena. Na akaunti isiyofunguliwa kabisa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta yote. Andika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani, na uifungue akaunti hiyo mara kwa mara.

Kama unasubiri barua yenye tarehe ya mwisho, pima akaunti yako leo. Ikishapita GB 13, anza kupunguza kabla haijakataa, na baada ya kila kufuta kumbuka kumwaga tupio.